Nimeongezewa laki moja, mkononi imeongezeka elfu 60 tu. Kodi ya mshahara inahesabiwaje hasa?

Fundi Mitambo
Habari zenu wakuu. Niko kampuni binafsi hapa Dar. Mwezi uliopita mshahara wangu ulipanda kutoka 1,100,000 hadi 1,200,000 kabla ya makato. Sina mkopo wa Bodi, sina saccos kazini, sina chama cha wafanyakazi. Makato yangu ni mawili tu, NSSF na PAYE. Kabla ya nyongeza nilikuwa napokea 832,000. Sasa nimepokea 892,000. Yaani laki moja imeingia mlango wa mbele, kwangu imefika elfu sitini.

Mwenzangu wa zamu alikuwa ameshanionya. Anasema ukivuka milioni moja TRA wanakukata 30%, kwa hiyo ni bora mtu abaki chini ya milioni na kinachozidi aombe kwa njia nyingine. Kuna mwingine pale kazini alikataa kabisa kupandishwa kwa sababu hiyo hiyo. Naombeni mwenye uelewa anieleze: ni kweli nyongeza inaweza kukurudisha nyuma? Na hiyo elfu 40 imekwenda wapi?

Mzee wa Posho
Kijana, hapo umeshindwa kuongea vizuri na mwajiri wako. Kodi inakatwa kwenye mshahara wa msingi. Posho haziguswi. Mimi nina miaka mingi kazini, posho yangu ya nyumba na ya madaraka inaingia kama ilivyo, haipungui hata shilingi. Mwambie akuandikie msingi milioni moja na hiyo laki mbili iwe posho ya nyumba. Utaona tofauti mwezi huo huo.

Bi Hesabu
Fundi Mitambo, nimeandaa mishahara kwa muda mrefu Moshi na Arusha, na swali la milioni moja naulizwa kila mwaka nyongeza zinapotoka. Nianze na hilo, kwa sababu yule mwenzenu aliyekataa kupandishwa amejinyima pesa yake bure.

Ile 30% haigusi mshahara wote. Inagusa kile kipande tu kilicho juu ya milioni moja. Mshahara unakatwa vipande, na kila kipande kina kiwango chake. Kwa Tanzania, tangu Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza za mwezi hazina kodi kabisa. Kutoka hapo hadi 520,000 unalipa 8%. Kutoka 520,000 hadi 760,000 unalipa 20%. Kutoka 760,000 hadi 1,000,000 ni 25%, na kinachobaki juu ya hapo ni 30%. Mwenye milioni kumi naye ile 270,000 ya kwanza hailipii kitu, kama wewe.

Ukijumlisha vipande vyote hadi kufikia milioni moja kamili, kodi ni 128,000. Mtu akipata milioni moja na shilingi 100, kodi inakuwa 128,030. Ile mia moja ya juu imempa sabini. Imempunguzia kasi, ila haijamrudisha nyuma. Hakuna mahali popote kwenye hizi ngazi ambapo kuongezewa mshahara kunakuachia pesa kidogo kuliko ulivyokuwa.

Jambo la pili, ambalo watu wengi huliruka: ngazi hizi hazianzi kuhesabiwa kwenye mshahara ghafi. Kwanza unatoa mchango wako wa NSSF, kisha kinachobaki ndicho kinachopelekwa kwenye ngazi. Tuhesabu mshahara wako wa zamani. 1,100,000 toa 10% ya NSSF, yaani 110,000, inabaki 990,000. Hiyo haijafika milioni, kwa hiyo ulikuwa bado kwenye ngazi ya 25%. Kodi hadi 760,000 ni 68,000. Kilichozidi hapo ni 230,000, na 25% yake ni 57,500. Jumla ya kodi 125,500. Mkononi inatakiwa iwe 864,500.

Mshahara mpya: 1,200,000 toa 120,000, inabaki 1,080,000. Kodi hadi milioni ni 128,000, ongeza 30% ya ile 80,000 iliyozidi, yaani 24,000. Jumla 152,000. Mkononi 928,000.

Sasa angalia. Kwa hesabu hiyo nyongeza ya laki moja ingekupa 63,500, si mbali sana na 60,000 uliyoipata, na ndiyo maana mtu akikusikiliza haraka atakwambia kila kitu kiko sawa. Lakini wewe umesema ulikuwa unapokea 832,000 na sasa 892,000. Hizo zote mbili ni pungufu. Naomba uandike mistari ya slipu yako kama ilivyo, NSSF kiasi gani na PAYE kiasi gani. Usikadirie, soma.

Nyali254
Dada Bi Hesabu, samahani lakini naona umeacha makato mengine. Mimi niko Mombasa, napata 50,000, na kwangu kuna NSSF 3,000, SHIF ya bima ya afya 1,375 na ushuru wa nyumba 750. Halafu PAYE. Nabaki na 39,000 na kidogo. Huyu ndugu huenda pesa yake imeenda kwa SHIF na nyumba, aangalie huko.

Bi Hesabu
Nyali254 karibu, ila Fundi yuko Dar na analipwa kwa sheria za Tanzania. Huku hakuna SHIF wala ushuru wa nyumba. Hata hivyo mfano wako una kitu kinachofaa. Kwenu, tangu mwisho wa Desemba 2024, hayo makato matatu yote yanatolewa kabla ya kuhesabu PAYE, wakati kwetu kinachotangulia kodi ni mchango wa pensheni. Na kwenu 24,000 za kwanza zinatozwa 10%, yaani 2,400, kisha mnapewa unafuu wa 2,400. Matokeo yake ni kwamba nanyi mna kipande cha kwanza kisicholipiwa, kimeandikwa tu kwa njia nyingine.

Nyali254
Sasa hapo nimeelewa kwa nini kwenye slipu yangu kuna mstari wa 2,400 kila mwezi. Nilidhani ni marupurupu ya kampuni. Asante dada.

Mwalimu wa Songea
Naomba niweke na ya kwangu hapa, maana mimi kila mwezi naona kama naibiwa. Ni mwalimu wa sekondari, tuseme mshahara wangu wa msingi ni 800,000 ili hesabu iwe rahisi, uko karibu na hapo. Mkononi nabaki na laki tano na thelathini hivi. Je, Bodi ya Mikopo haitakiwi kukatwa kabla ya kodi? Maana ile pesa siioni hata kwa macho, kwa nini nilipie kodi pesa ambayo sijaipokea?

Bi Hesabu
Mwalimu, twende mstari kwa mstari kwa hiyo 800,000.

Nyinyi wa serikali mko PSSSF, na mchango wa mtumishi ni 5% ya mshahara wa msingi. Serikali inaweka 15%. Kwa hiyo kwako 40,000 inatoka kwanza, inabaki 760,000. Kwa bahati hiyo ni ukingo kamili wa ngazi, kodi yake ni 68,000. Baada ya hapo ndipo wengine wanaingia: Bodi ya Mikopo 15% ya msingi, yaani 120,000. Bima ya afya 3%, 24,000. Kama umejiunga na chama kinachokata 2%, hapo 16,000. Toa zote, unabaki na 532,000.

Kuhusu Bodi, hapana. Ule ni mkopo unaoulipa, na sheria ya kodi ya mapato haiutambui kama kitu cha kupunguza mapato yanayotozwa kodi. Bima na ada ya chama ni vivyo hivyo. Vinakatwa kwenye slipu lakini havishushi kodi hata senti. Ndiyo maana mtu akitaka kuhakiki PAYE yake anatakiwa aangalie mistari miwili tu: mshahara unaotozwa kodi na mchango wa pensheni. Makato mengine ayafunike kwa mkono kwanza, asije akachanganyikiwa.

Mwalimu wa Songea
Nimekuelewa dada. Inauma lakini angalau sasa najua inauma wapi. Kumbe kodi yenyewe ni 68,000 na Bodi ni karibu mara mbili yake. Miaka yote nilikuwa nalalamikia TRA.

Fundi Mitambo
Nimerudi. Nimeisoma slipu vizuri, hivi ndivyo ilivyoandikwa:

Mshahara ghafi 1,200,000
NSSF 120,000
PAYE 188,000
Jumla ya makato 308,000
Mshahara halisi 892,000

Na ya mwezi wa nyuma yake PAYE ilikuwa 158,000. Bi Hesabu wewe umesema 152,000 kwa sasa. Nani yuko sahihi?

Bi Hesabu
Ahsante kwa kuandika kamili. Sasa nimeona.

Chukua 1,200,000 yote, bila kutoa NSSF, uipeleke kwenye ngazi. 128,000 ya milioni ya kwanza, ongeza 30% ya laki mbili iliyozidi, yaani 60,000. Jumla 188,000. Ni hiyo hiyo iliyo kwenye slipu yako. Chukua na ya zamani, 1,100,000 bila kutoa NSSF: 128,000 ongeza 30,000, unapata 158,000. Nayo imekubali.

Yaani anayeandaa mishahara hapo kwenu anahesabu kodi juu ya mshahara ghafi, kisha anatoa NSSF pembeni. NSSF unakatwa sawasawa, lakini haikupunguzii kodi kama inavyotakiwa. Sheria inaruhusu mchango wa mfanyakazi kwenye mfuko unaotambuliwa utolewe kabla ya kodi. Kwa mwezi huu umekatwa zaidi kwa 36,000. Kwa mshahara wa zamani ilikuwa 32,500 kila mwezi.

Mwenye kutaka kuligundua kosa hili haraka kwenye slipu yake, achukue tofauti kati ya kodi aliyokatwa na kodi aliyohesabu mwenyewe. Ikiwa tofauti hiyo ni sawa na 30% ya NSSF yake, na mshahara wake ukitoa NSSF bado uko juu ya milioni moja, basi ni jambo hili hili. 30% ya 120,000 ni 36,000 kamili. Kwako mshahara wa zamani haikutoka 30% kamili ya 110,000 kwa sababu sehemu ndogo ya ile NSSF, yaani 10,000, ilitakiwa ikushushe hadi ndani ya ngazi ya 25%. Nakushauri uangalie slipu za nyuma zote ulizonazo, sidhani kama imeanza mwezi uliopita.

Fundi Mitambo
Nimeishiwa nguvu kwa kweli. Nina slipu za tangu nilipoajiriwa, nyingine ziko nyumbani. Tuko wengi pale, na kama ni mimi basi ni wote.

Kijana wa Hesabu
Fundi, chukua hii uiweke kwenye jedwali la Eksel, itakurahisishia kupitia slipu zako zote. Mshahara ghafi unaandika seli B1, NSSF B2, kinachotozwa kodi B3, kodi B4, mkononi B5.

```
B2: =B1*10%
B3: =B1-B2
B4: =MAX(0,MIN(B3,520000)-270000)*8%
    +MAX(0,MIN(B3,760000)-520000)*20%
    +MAX(0,MIN(B3,1000000)-760000)*25%
    +MAX(0,B3-1000000)*30%
B5: =B1-B2-B4
```

B4 ni mstari mmoja, nimeukata tu usomeke. Kila MAX ni kipande kimoja cha mshahara. Mtu wa PSSSF abadilishe ile 10% iwe 5%.

Naongeza kosa jingine ambalo nimeliona mara mbili tatu kwa wateja wangu wadogo: mtu anatumia faili alilorithi, lenye ngazi za zamani. Kabla ya Julai 2020 kipande kisicho na kodi kiliishia 170,000, na 30% ilikuwa inaanza juu ya 720,000. Kwa hiyo ukiona kwenye fomula za ofisini namba kama 170000 au 720000, au 17100, au 98100, jua hilo jedwali limepitwa na wakati na linamkata kila mtu zaidi. Na 9% badala ya 8% ni dalili kwamba waliishia Juni 2021.

Mzee wa Posho
Nyote mnazunguka. Nilichosema mwanzo ndicho suluhisho. Posho hazikatwi kodi. Mimi slipu yangu ninayo, siyo hadithi za kusikia.

Bi Hesabu
Mzee wangu, shikamoo. Slipu yako ni ya kweli na ninakuamini. Lakini wewe ni mtumishi wa serikali, na sheria imewapa nyinyi kitu ambacho haikumpa Fundi. Posho ya nyumba, ya usafiri, ya madaraka, ya kazi za ziada na ya mazingira magumu, zikilipwa kwa mtumishi wa serikali au wa taasisi inayoendeshwa kwa ruzuku ya serikali, zimetajwa kabisa kwamba haziingii kwenye hesabu ya kodi. Kwa mfanyakazi wa kampuni binafsi, posho ya nyumba inayolipwa kwa fedha taslimu ni mapato ya ajira kama mshahara mwingine. Inaunganishwa na msingi, kisha ngazi zinafuata.

Inayosalimika kwa sekta binafsi ni ile pesa inayomrudishia mfanyakazi gharama aliyoingia kwa ajili ya kazi tu. Ukitumwa Mbeya ukalipiwa nauli na malazi, huo si mshahara. Lakini laki mbili inayoingia kila tarehe 28, iwe umesafiri au umekaa, mkaguzi wa TRA ataiita mshahara hata kama mmeipa jina gani. Na anayedaiwa kwanza kodi hiyo pamoja na riba ni mwajiri, ndiyo maana wahasibu waangalifu hawakubali huo mgawanyo.

Halafu mtu akiandikiwa msingi mdogo kuna mahali pengine anaumia. Malipo ya saa za ziada huhesabiwa kwenye mshahara wa msingi. Fundi anafanya kazi za zamu, hilo linamhusu.

Mzee wa Posho
Marahaba mwanangu. Hilo la sekta binafsi sikuwa nalitazama. Lakini bado nasema mwajiri mwenye nia njema anaweza kumlipia nyumba moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Hapo hakuna posho.

Bi Hesabu
Nyumba anayopewa na mwajiri nayo ina hesabu yake ya kodi, mzee. Haipotei. Ila kanuni yake ni tofauti na ya fedha taslimu, tukiingia huko tutamwacha Fundi njiani.

Dada wa Ilala
Jamani naomba nisaidiwe na mimi, nina usaili wiki hii. Wameniuliza nataka mshahara kiasi gani, nikajibu milioni moja. Nilimaanisha milioni moja ya mkononi. Wao sasa wameandika kwenye barua milioni moja kabla ya makato. Nikiwaambia wabadilishe niseme kiasi gani? Kampuni ni binafsi, NSSF.

Kijana wa Hesabu
Dada, kwa milioni moja kabla ya makato utapata 797,000. NSSF 100,000, inabaki 900,000. Kodi yake 68,000 ongeza 25% ya 140,000 ambayo ni 35,000, jumla 103,000. Kwa hiyo tofauti kati ya ulichokusudia na walichoandika ni zaidi ya laki mbili kwa mwezi. Usisaini kwanza.

Kupata milioni mkononi unarudi kinyumenyume. Ukishavuka mshahara ghafi wa takriban 1,111,000, kila shilingi ya ziada inakuachia senti 63: senti 10 zinaenda NSSF, na zile 90 zilizobaki zinakatwa 30%. Njia fupi kwa wote walio juu ya hapo ni hii: mkononi ni 63% ya mshahara ghafi, ongeza 172,000. Ijaribu kwa Fundi, 63% ya 1,200,000 ni 756,000, ongeza 172,000 unapata 928,000, ile ile ya Bi Hesabu.

Kwa hiyo wewe unatoa 172,000 kwenye milioni, inabaki 828,000, unagawa kwa 0.63. Unapata 1,314,286. Hiyo ndiyo ya kuwaandikia. Waambie 1,315,000.

Dada wa Ilala
Laki tatu na zaidi juu! Wataona nimebadilisha maneno. Lakini nitawapelekea hesabu hiyo hiyo, afadhali tuelewane sasa kuliko baada ya kusaini.

Bi Hesabu
Dada, ukienda jua na upande wao. Juu ya huo mshahara wao wanaongeza NSSF yao 10%, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi 0.5%, na kama wana wafanyakazi kumi au zaidi kuna tozo ya mafunzo ya ufundi 3.5%. Haikatwi kwako, ila iko kwenye bajeti yao. Kwa 1,315,000 wewe unawagharimu karibu 1,499,000. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini watavutana na wewe, na unaweza kuamua mapema utakubali kushuka hadi wapi.

Mlinzi wa Zamu
Mimi sijui kama ni swali hilo hilo. Mshahara wangu 500,000. Mwezi mmoja hatukulipwa, uliofuata tukalipwa miwili kwa pamoja, 1,000,000. Siku zote nakatwa kodi 14,400. Mwezi ule nimekatwa 103,000. Nimeuliza nikaambiwa ni kwa sababu mwezi huo nilipata milioni. Lakini mimi sijapata milioni, nimecheleweshewa mshahara wangu.

Kijana wa Hesabu
Hesabu yao inakubali kimtambo. 900,000 baada ya NSSF inatoa 103,000. Ila kama wangekulipa kwa wakati ungelipa 14,400 mara mbili, yaani 28,800. Umelipa zaidi 74,200 kwa kosa lisilo lako. Mimi ningetenganisha miezi, kila mshahara na mwezi wake.

Karani Mstaafu
Si rahisi hivyo, kijana. Mapato ya ajira huhesabiwa pale yanapolipwa, si pale yanapostahili kulipwa. Mwajiri anakata kodi siku anapotoa fedha. Mwezi ule alitoa milioni moja, na jedwali la mwezi linasema 103,000. Mhasibu aliyetenganisha miezi anaweza kuulizwa na mkaguzi.

Bi Hesabu
Karani, uko sahihi kuhusu lini mapato yanahesabiwa, ila tusiishie kwenye jedwali la mwezi. Kodi yenyewe ni ya mwaka. Jedwali la mwezi ni ile ya mwaka iliyogawanywa kwa 12: 270,000 mara 12 ni 3,240,000, ambayo ndiyo sehemu ya mwaka isiyo na kodi. Mlinzi kwa mwaka mzima anapata 6,000,000. Akitoa NSSF inabaki 5,400,000. Kilichozidi 3,240,000 ni 2,160,000, na 8% yake ni 172,800. Hiyo ndiyo kodi yake ya mwaka, na ni sawasawa na 14,400 mara 12. Kama miezi yote miwili iko ndani ya mwaka mmoja wa kodi, ile 74,200 imezidi, hakuna ubishi. Ningemtaka mhasibu aisawazishe kwenye miezi inayofuata kabla mwaka haujaisha.

Karani Mstaafu
Kama mwezi uliocheleweshwa ni Desemba na umelipwa Januari je? Hapo mwaka mmoja una mishahara 11 na mwingine 13.

Bi Hesabu
Hapo hoja yako ina nguvu, nakubali. Mwaka wenye mishahara 13 unakuwa na mapato makubwa kweli. Hata hivyo kwa mshahara wa 500,000, miezi 13 baada ya NSSF ni 5,850,000, bado haijavuka 6,240,000 ya ngazi ya 8%. Mlinzi hata katika hali hiyo hastahili kuguswa na 25%. Mlinzi, ilikuwa miezi gani?

Mlinzi wa Zamu
Agosti na Septemba.

Bi Hesabu
Basi andika barua fupi, weka hizo namba tatu: 14,400, 103,000 na 172,800 ya mwaka. Omba marekebisho kabla ya mshahara wa Desemba. Baki na nakala yenye mhuri wa mapokezi.

Karani Mstaafu
Barua aandike, siipingi. Ila nimeshaona ofisi ikikataa kusawazisha ikidai jedwali la mwezi ndilo linalotumika. Asishangae akijibiwa hivyo.

Fundi Mitambo
Wakuu nimetoka ofisini. Nimempelekea mhusika wa mishahara zile hesabu mbili. Aliangalia faili lake mbele yangu, kweli seli ya kodi ilikuwa inasoma kwenye mshahara ghafi. Amesema mwezi huu atarekebisha kwa wote. Nilipomuuliza kuhusu miezi ya nyuma akasema hiyo pesa imeshaenda TRA na hawezi kuirudisha. Ni sawa kweli?

Bi Hesabu
Kurekebisha kuanzia sasa ni nusu ya kazi. PAYE hupelekwa TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, na mwajiri huwasilisha ritani inayoonyesha kila mfanyakazi, alicholipwa na kodi yake. Kwa hiyo kuna jambo la kuthibitisha kwanza: kwenye ritani ya mwezi uliopita, mbele ya jina lako, imeandikwa 188,000 au 152,000? Ikiwa ni 188,000, fedha iko TRA kweli, na mwajiri ndiye mwenye uwezo wa kurekebisha ritani zake na kudai kilichozidi. Ikiwa ni 152,000, basi ile 36,000 haikwenda TRA, na hayo yatakuwa mazungumzo mengine kabisa na uongozi wenu.

Muombe akuonyeshe mstari wako tu, wa wengine si haki yako kuuona. Na ukiwa na nafasi, vuta taarifa ya michango yako NSSF. Kwa mshahara wa 1,200,000 kila mwezi inatakiwa iingie 240,000, yako na ya mwajiri. Faili lililokosewa kwenye kodi nisingeliamini kwenye michango bila kuangalia.

Fundi Mitambo
Nitaomba hiyo ritani kesho. NSSF nimeshaangalia sasa hivi kwenye simu. Miezi miwili ya karibuni bado haijaonekana.

Kijana wa Hesabu
Ule wa karibuni usikupe presha, mwajiri ana mwezi mmoja wa kuwasilisha. Wa nyuma yake ndio wa kuuliza. Nenda na slipu zote mbili.